Kufuta Viti vya Mameneja Hakufuti Kazi Yao

Septemba 2024, Andy Jassy, mkurugenzi mtendaji wa Amazon, aliwaandikia wafanyakazi wake waraka wenye mambo mawili makubwa. La kwanza, kurudi ofisini siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025, ndilo lililozua kelele. La pili halikusikika sana siku zile: kila idara iongeze uwiano wa watendaji, yaani wafanyakazi wasiosimamia wengine, kwa mameneja kwa angalau asilimia 15 ifikapo mwisho wa Machi 2025. Jassy alilalamika kwamba vikao vimezaa vikao vya kujiandaa na vikao, na kwamba uamuzi unapita mikononi mwa watu wengi mno kabla ya kutekelezwa. Mwaka uliotangulia Meta nayo ilikuwa imewarudisha baadhi ya mameneja kwenye kazi ya kawaida, na Bayer ya Ujerumani imekuwa ikipunguza maelfu ya nafasi za uongozi wa kati. Kwa wachambuzi wengi, na kwa wakurugenzi wetu wanaosoma habari hizi wakiwa uwanja wa ndege, hitimisho limekuwa moja: zama za bosi zimekwisha, mnyororo wa amri umekufa, kampuni ya kisasa ni bapa, yenye ngazi chache za uongozi.

Nadhani wamesoma vibaya. Hatua hizi hupunguza viti, lakini kazi iliyokuwa ikifanywa na waliokalia viti hivyo haiondoki nao. Mtu mgeni bado anahitaji kufundishwa, wawili waliogombana bado wanahitaji kusuluhishwa, na bado lazima mtu aseme ni mteja gani ahudumiwe kwanza leo. Muundo wenye ngazi chache hufanya vizuri pale tu ambapo kazi hiyo imeshapata mahali pengine pa kukaa: kwenye utaratibu ulioandikwa, kwenye taarifa ambayo kila mmoja anaiona, au kwenye ujuzi wa mfanyakazi mwenyewe. Ukiondoa kiti kabla ya kuipa kazi makazi mapya, itapanda kwa bosi wa juu zaidi na kumlemea, au itachukuliwa kichinichini na mtu ambaye hakuna aliyemteua.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo upotoshaji unapoanzia. Kuongeza uwiano kwa asilimia 15 si sawa na kufukuza asilimia 15 ya mameneja, na bado ni mbali sana na kuwafuta. Meneja mwenye watu 7 chini yake, uwiano wake ukipanda kwa asilimia 15, atakuwa na watu 8. Ni mtu mmoja zaidi. Kama idadi ya watendaji haibadiliki, mameneja watapungua kwa takriban asilimia 13, na hata hilo linaweza kufikiwa bila kumfukuza mtu, kwa kutojaza nafasi zinazoachwa wazi au kwa kumrudisha meneja kwenye kazi ya utendaji. Kampuni inayotoka watu 7 kwenda 8 haijavunja mnyororo wowote wa amri. Imepanua kidogo upana wa usimamizi, na mnyororo upo vilevile, pengine umefupika kwa pingili moja.

Upana wa usimamizi ni idadi ya watu wanaoripoti moja kwa moja kwa mtu mmoja. Mnyororo wa amri ni njia ambayo maagizo hushuka na uwajibikaji hupanda, kutoka kwa mkurugenzi hadi kwa mtu wa mwisho. Vitu hivi viwili vimefungana kwa hesabu rahisi. Chukua taasisi ya mikopo yenye maofisa 64 wa uwandani. Ukiamua kila msimamizi awe na watu 4, utahitaji wasimamizi 16, mameneja 4 juu yao, na mkurugenzi mmoja: viongozi 21 katika ngazi tatu. Ukiamua kila mmoja awe na watu 8, utahitaji wasimamizi 8 na mkurugenzi mmoja: viongozi 9 katika ngazi mbili. Tofauti ni mishahara 12 ya watu wa ofisini, na ombi la mkopo linalopita meza mbili badala ya tatu. Ukitazama karatasi peke yake, unashangaa kwa nini mtu yeyote angechagua 4.

Jibu liko kwenye kazi yenyewe, na watu wamelitafuta kwa zaidi ya karne moja. Jenerali Ian Hamilton wa Uingereza aliandika mwaka 1921 kwamba akili ya mtu wa kawaida humudu kusimamia vichwa vitatu hadi sita. Mwaka 1933 mshauri wa viwanda aliyeitwa Graicunas alijaribu kueleza sababu kwa hesabu. Alisema bosi hasimamii watu tu, anasimamia pia mahusiano: yake na kila mmoja, yake na kila kundi linaloweza kuundwa kati yao, na ya wao kwa wao. Kwa kanuni yake, bosi mwenye watu 4 ana mahusiano 44 ya kuyaangalia. Akiongezewa wa tano yanakuwa 100, na wa sita yanafika 222. Mtu mmoja tu anaongezeka, na mahusiano yanaongezeka zaidi ya mara mbili.

Hesabu hiyo inatisha kupita ukweli, kwa sababu inachukulia kwamba kila uhusiano unaowezekana unatumika. Katika kazi nyingi hautumiki. Maofisa mikopo wawili, mmoja Mbagala na mwingine Tegeta, wanaweza kukaa mwaka mzima bila kazi ya mmoja kumgusa mwenzake, na kwa msimamizi wao watu 8 ni mahusiano 8 tu. Wahandisi watano wanaojenga mfumo mmoja wa malipo hawako hivyo. Mmoja akibadilisha kitu asubuhi, wengine wanne wanaathirika kabla ya saa sita. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mkurugenzi angepaswa kuuliza kabla ya kuiga Amazon ni hili: watu wangu wanategemeana kiasi gani? Idadi ya wengine haimsaidii kitu kabla ya kujibu hilo.

Ushahidi wa viwandani unasema vivyo hivyo. Joan Woodward alichunguza viwanda 100 vya kusini mwa Essex, Uingereza, katika miaka ya 1950. Alikuta kwamba kwenye viwanda vya uzalishaji kwa wingi, ambako kila mtu anarudia hatua ileile, nyapara mmoja alisimamia kwa wastani takriban watu 48. Kwenye mitambo ya uzalishaji usiokatika, kama ya kemikali, wastani ulikuwa takriban 15. Viwanda vilivyofanikiwa katika kila kundi vilikuwa vile vilivyokaribia kawaida ya kundi lao. Nyapara mwenye watu 48 hakuwa hodari kuliko mwenzake. Mashine na mpangilio wa kazi vilikuwa vimeshampunguzia nusu ya usimamizi.

Njia nyingine ya kuliona jambo hili ni kwa saa za wiki, na kwangu hiyo ndiyo kipimo cha maana zaidi kuliko namba yoyote ya vitabuni. Tuseme msimamizi ana saa 40. Nusu inaliwa na taarifa za kupeleka juu, vikao na kazi zake mwenyewe, zinabaki 20. Tukadirie kwamba ofisa mzoefu anahitaji saa moja ya msimamizi kwa wiki, na mgeni anahitaji saa tatu, kwa sababu lazima atembelewe uwandani na faili zake zisomwe moja moja. Msimamizi huyu anaweza kubeba wazoefu 20, au wageni 6, au mchanganyiko kama wazoefu 8 na wageni 4. Sasa tawi likifunguliwa mji mpya na kuajiri vijana 10 kwa mpigo chini ya mtu mmoja, kinachohitajika ni saa 30, zilizopo ni 20, na hizo 10 zinazokosekana zitajitokeza baada ya miezi sita kama mikopo mibovu. Hakuna atakayesema tatizo lilikuwa muundo. Watasema vijana wa siku hizi hawana uadilifu.

Hapa wapo wanaoleta hoja ya Jensen Huang, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya chipu za kompyuta ya Nvidia, na ni hoja inayopendwa kwa sababu ni fupi: mwaka 2024 Huang alikuwa na watu wapatao 60 walioripoti kwake moja kwa moja, na kampuni yake ni kati ya zenye thamani kubwa kuliko zote duniani, basi meneja wako wa Arusha anashindwaje na 15? Kati ya hoja zote za kutetea muundo bapa, hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Watu wa Huang ni wakuu wa idara, kila mmoja ana uzoefu wa miaka mingi na ana watu wake anaowaongoza. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba hafanyi nao vikao vya mmoja mmoja. Huzungumza nao wakiwa pamoja ili wote wasikie jambo moja kwa wakati mmoja. Kwa maneno mengine, amewaondolea wale 60 karibu kila kitu ambacho ofisa mgeni wa Arusha anakihitaji kutoka kwa bosi wake, na ameweza kwa kuwa wao hawakihitaji. Chini ya wale 60 kuna kampuni yenye mameneja kama nyingine. Kumtumia Huang kama kipimo cha msimamizi wa ngazi ya kwanza ni kuchukua namba na kuacha sababu yake.

Kinyume chake kipo, na kimeandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waanzilishi wa Google walijaribu kuondoa mameneja wa wahandisi wote. Waliamini wahandisi wazuri hawahitaji kusimamiwa, na kiufundi hawakuwa mbali na ukweli. Jaribio lilidumu miezi michache. Watu wengi mno walikuwa wakimfuata Larry Page mwenyewe na maswali ya marejesho ya fedha za matumizi, ugomvi kati ya wafanyakazi, na mambo madogomadogo ya kila siku. Angalia ni nini hasa kilichopanda juu. Katika orodha hiyo hakuna swali la namna ya kuandika programu, maana hilo lilikuwa limeshakaa vichwani mwa wahandisi. Kilichopanda ni sehemu ya kazi ya meneja ambayo haikupewa mahali pengine. Miaka michache baadaye kampuni hiyohiyo ilifanya utafiti wa ndani kuhusu kama mameneja wana faida yoyote, na ikakuta kwamba walio chini ya mameneja bora hufanya kazi vizuri zaidi na hawaondoki haraka.

Mfano wa muundo bapa uliofaulu, na ambao ningependa wakurugenzi wetu wausome kabla ya kuusoma waraka wa Jassy, ni Buurtzorg ya Uholanzi. Ni shirika la wauguzi wanaowahudumia wagonjwa majumbani, lililoanzishwa mwaka 2006 na muuguzi Jos de Blok akiwa na timu moja. Limekua hadi wauguzi wapatao 10,000, na ofisi yake kuu ina watu wapatao 50. Timu za wauguzi hazina meneja. Kila timu ina watu wasiozidi 12 wanaohudumia mtaa wao. Wanapanga zamu wenyewe, wanaajiri wenyewe, wanatafuta ofisi wenyewe, na wanagawana majukumu ya uendeshaji baina yao. Timu ikizidi 12 inagawanyika.

Sifa hizi husimuliwa sana. Kinachoachwa ni kila kilichowekwa mahali pa meneja. Kwanza, muuguzi anayeingia ni mtaalamu aliyesomea kazi yake na ana leseni. Pili, kuna mfumo wa kompyuta ambamo kila timu inaona saa ngapi za kazi yake zimelipwa na bima, na inaweza kujilinganisha na timu nyingine, hivyo timu inayozembea inajijua kabla haijaambiwa. Tatu, kuna washauri wa timu, kila mmoja akiwa na timu nyingi, ambao hawana mamlaka ya kuamuru wala kuadhibu. Wanaitwa timu inapokwama, mara nyingi kwa ugomvi. Nne, timu hufundishwa namna ya kuendesha kikao na kufikia uamuzi bila mwenyekiti wa kudumu. Na tano, kazi yenyewe inagawanyika vizuri: mgonjwa wa mtaa huu hategemei kinachotokea mtaa wa pili. Ofisi kuu imebaki na mambo ambayo timu haiwezi kuyafanya vizuri, kama mishahara na madai kwa bima. Hakuna kazi ya meneja iliyoachwa njiani. Kila moja ina mwenyewe.

Sasa peleka wauguzi haohao kwenye ajali ya basi lenye majeruhi 40, uone kama timu ya kukubaliana itafaa. Kwa kazi ya namna hiyo mfano wa kusoma uko California. Mwaka 1970 mioto ya nyika ilichoma kusini mwa jimbo hilo kwa siku 13, ikaua watu 16 na kuteketeza majengo zaidi ya 700. Vikosi havikuwa vichache wala havikukosa ari. Uchunguzi uliofuata ulikuta kwamba watu wengi mno walikuwa wakiripoti kwa msimamizi mmoja, kila kikosi kilikuja na muundo wake, na maneno yaleyale yalimaanisha vitu tofauti kwa vikosi tofauti. Mfumo uliozaliwa hapo, ambao leo unatumika Marekani nzima kwenye dharura, uliweka kanuni ya kila msimamizi kuwa na watu 3 hadi 7, na 5 ndiyo idadi inayopendelewa. Kila mtu ana bosi mmoja tu. Tukio likikua na msimamizi akafikisha watu 8, ngazi mpya inaingizwa palepale, na moto ukipungua ngazi inaondolewa. Ngazi zinakuja na kuondoka kulingana na mzigo, jambo ambalo maofisi yetu huliona kama uchawi, kwa sababu kwetu ngazi ikishaundwa ina gari na katibu muhtasi.

Mfumo huo una kanuni moja zaidi ambayo inavunja hofu kubwa ya wanaopinga mnyororo wa amri. Maagizo hupita kwenye mnyororo peke yake, lakini taarifa inaruhusiwa kwenda kokote. Kiongozi wa kikosi cha upande wa mashariki anaweza kumuuliza mwenzake wa magharibi upepo unaelekea wapi, bila kupanda kwa kamanda na kushuka tena. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, alilisema hilo tangu 1916. Alieleza kwamba watu wawili wa ngazi moja katika idara tofauti waruhusiwe kuvuka na kuzungumza moja kwa moja, kwa sharti kwamba mabosi wao wanajua na wanaarifiwa walichokubaliana. Nyingi ya hasira zinazoelekezwa kwa ngazi, kwa maoni yangu, zilipaswa kuelekezwa kwa kukosekana kwa daraja hili. Ofisi yenye ngazi nne ambayo kila dokezo linapanda hatua nne na kushuka nne, likilala siku moja kila meza, inatumia siku nane kujibu swali la dakika mbili. Ukiweka daraja, jibu linapatikana leo na ngazi zote nne zinabaki. Dawa hii ni ya bei nafuu kuliko kufuta vyeo, na bado hujaribiwa mara chache, kwa sababu bosi asiyepitiwa na kila karatasi hujiona amepungua.

Kwetu, ugonjwa mkubwa zaidi wa mnyororo si urefu wake, ni kuwa na ncha mbili. Afisa ugani wa kata nchini Tanzania kiutawala yuko chini ya mtendaji wa kata, na kitaalamu anaripoti kwa mkuu wa idara ya kilimo kwenye halmashauri. Wiki ambayo mtendaji anamtaka ahamasishe michango ya ujenzi wa madarasa ndiyo wiki ambayo halmashauri inataka takwimu za mavuno, na zote mbili ni amri halali. Shule nazo ziko chini ya TAMISEMI kwa uendeshaji, huku sera na mitaala vikitoka Wizara ya Elimu. Sisemi mgawanyo huu hauna sababu. Utaalamu unahitaji kusimamiwa na mtaalamu, na kata inahitaji mtu mmoja anayejua nani yuko kazini leo. Lakini mtu mwenye mabosi wawili hujifunza haraka kumtumikia yule anayejaza tathmini yake, na kumpa mwingine visingizio. Kupunguza ngazi hapa hakutasaidia kitu. Kinachohitajika ni kuandika, amri mbili zikigongana, ya nani inatangulia katika jambo gani, na nani anaamua wakishindwana.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo nayo sikubaliani nayo: kwamba muundo bapa ni wa Wazungu, sisi tunaheshimu ukubwa, bila bosi hakuna atakayefanya kazi. Anayesema hivyo aende akakae kwenye kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, aina ile ya wanachama 15 hadi 25 wenye sanduku la chuma. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti. Hisa zinanunuliwa mbele ya wote na kugongwa mhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Mikopo inatolewa kikaoni, faini ya kuchelewa iko kwenye katiba, na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida miezi 9 hadi 12, fedha zinagawanywa na hesabu inaanza upya. Mwenyekiti yupo, lakini anaendesha kikao tu. Hawezi kumpa mkopo binamu yake. Kina mama ambao hawajawahi kusikia neno lolote la somo la uongozi wanaendesha taasisi bapa kila wiki, na ukiitazama utakuta vitu vilevile vya Buurtzorg: kanuni iliyoandikwa, taarifa iliyo wazi, na kundi dogo linalojuana. Utakuta pia mipaka ileile. Kikundi kikifika watu 60, watu hawajuani tena, kikao hakiishi, na ndipo zinapoanza habari za mwenyekiti kukimbia.

Mkurugenzi anaweza kujua alipo bila kuajiri mshauri. Upana ukizidi, dalili ya kwanza ni foleni: maamuzi yanamngoja mtu mmoja, na akisafiri siku tatu kazi inasimama. Ya pili, wageni wanamuuliza jirani wa meza badala ya bosi, na baada ya muda jirani huyo anakuwa bosi asiye na cheo, mara nyingi yule mwenye sauti kubwa au aliye karibu na mkurugenzi. Ya tatu, tathmini za mwisho wa mwaka zinafanana neno kwa neno, maana aliyezijaza hakuiona kazi. Upana ukiwa mdogo mno, dalili ni nyingine. Bosi anafanya kazi za watu wake, na sahihi zinapigwa bila kusomwa. Kipimo ninachokipenda ni hiki: chukua madokezo 20 ya mwisho yaliyopita kwenye ngazi fulani, uhesabu ni mangapi yalibadilishwa au kukataliwa pale. Kama hakuna hata moja, ngazi hiyo ni sanduku la posta, na kuiondoa hakutamuumiza mteja yeyote. Kama ni matano au sita, kuna mtu anafanya kazi pale, na kabla ya kumwondoa jibu nani atayashika makosa hayo.

Wanaotetea ngazi wana hoja moja nzito ambayo wapenzi wa muundo bapa huikwepa, nayo ni ya riziki. Ngazi ni njia ya watu kupanda. Kampuni yenye viongozi 9 badala ya 21 ina nafasi 12 pungufu za kumpandishia mtu, na ofisa hodari wa miaka sita asiyeona pa kwenda ataondoka. Katika kampuni nyingi binafsi za Dar es Salaam na Nairobi nyongeza ya maana ya mshahara inakuja na cheo cha umeneja tu. Ndiyo maana tunapata meneja wa mtu mmoja, kisha meneja mwandamizi wa meneja huyo: kiti kimeundwa ili mshahara upate pa kukaa. Ukiamuru uwiano upande bila kugusa hilo, viti vitarudi ndani ya miaka miwili kwa majina mengine, kiongozi wa timu, mratibu, msimamizi wa mradi.

Ajabu ni kwamba utumishi wa umma, unaochekwa kwa urasimu, ulishalitatua hili. Katika miundo ya utumishi Tanzania, afisa anapanda kutoka Daraja la II kwenda Daraja la I, kisha Mwandamizi, kisha Mkuu, na mshahara unapanda naye, bila kulazimika kuwa na mtu hata mmoja chini yake. Mtaalamu wa udongo anaweza kustaafu akiwa Afisa Mkuu aliyetumia maisha yake yote kuchunguza udongo. Kampuni inayotaka kutoka ngazi tatu kwenda mbili ingeanza hapo: iandike madaraja ya utaalamu yenye mishahara inayolingana na ya mameneja, iyatangaze, iwaache mameneja wanaotamani kurudi kwenye kazi wahamie bila kupoteza senti, kisha ihesabu wamebaki wangapi. Inawezekana ile asilimia 15 ikapatikana kabla barua ya kwanza ya kuachishwa haijachapwa.